Chumba cha juu ukikifanya duka au stoo kinabeba kilo ngapi? Hesabu yake hatua kwa hatua

Shemeji yangu ana nyumba ya ghorofa moja, chini kuna fremu mbili na juu vyumba vya kulala, na miezi michache iliyopita akaniuliza kwenye simu kama anaweza kuhamishia mchele juu maana fremu ya chini imejaa. Magunia 100 ya kilo 50. Nikamwuliza chumba kina ukubwa gani, akasema nne kwa tatu na nusu, nikamwuliza ameshapandisha mangapi akasema bado, nikamwambia basi usipandishe hata moja mpaka nije na tepu. Hesabu niliyomfanyia ndo hii, nimeiandika yote ili na we uifanye kwenye chumba chako. Huhitaji kuwa injinia kuielewa, unahitaji tepu, chaki, mizani na kikokotoo cha simu.

Kwanza tuelewane maneno mawili. Kila sakafu ya juu inabeba mizigo ya aina mbili. Kuna mzigo mfu, mainjinia wanauita dedi lodi, huo ni uzito wa nyumba yenyewe usiokwenda popote: zege la slabu, sakafu ya saruji juu yake, tailizi, plasta ya chini, kuta zilizokaa juu ya slabu. Alafu kuna mzigo hai, laivu lodi, kila kitu kinachoingia na kutoka: watu, vitanda, makabati, magunia, maboksi, friji. Wengi wakifikiria uimara wa sakafu wanafikiria huu wa pili tu, kumbe ule wa kwanza ndo mkubwa na uko pale usiku na mchana hata chumba kikiwa kitupu.

Hatua ya 1: jua chumba kilichorwa kwa ajili ya nini

Ukiwa na michoro ya injinia (sio ile ya akitekti yenye vitanda na sofa, nazungumzia ile yenye nondo) angalia karatasi ya kwanza, pembeni kuna maelezo, na humo mara nyingi kuna mstari unaosema mzigo hai uliotumika, kwa mfano 1.5 kN/m2 au 2.0 kN/m2. Hiyo kN usiiogope. kN 1 ni kama kilo 100. Kwa hiyo 1.5 kN/m2 maana yake kila mita moja ya mraba imepangiwa kilo 150 za vitu na watu, basi.

Mainjinia wengi wa kwetu wamefundishwa kwa viwango vya Uingereza, na siku hizi vile vya Ulaya vinaingia. Namba za kukumbuka ni tatu tu. Chumba cha kuishi ni kilo 150 kwa mita ya mraba kwa kiwango cha zamani cha Uingereza, kile cha Ulaya kinapendekeza 200. Duka la rejareja ni kilo 400. Stoo ndo balaa: kiwango cha Ulaya kinaanzia kilo 750, na kile cha Uingereza kinasema hesabu kilo 240 kwa kila mita moja ya kwenda juu ya nafasi ya kupangia mzigo, yaani ukipanga mpaka mita mbili na nusu ni kilo 600 kwa kila mita ya mraba.

Ona hapo umbali uliopo. Kutoka chumba cha kulala kwenda duka unazidisha karibu mara tatu, kwenda stoo mara nne au tano. Ghorofa lile lile, nondo zile zile, kitu pekee kilichobadilika ni bango la mlangoni.

Watu wanauliza duka linahitaji kilo 400 za nini wakati nguo na pochi ni nyepesi. Hiyo namba imewekwa kwa sababu ya watu na makabati kwa pamoja. Siku ya kuamkia Idi watu wakibanana wanafika wanne hadi watano kwenye mita moja ya mraba, kila mmoja kilo 70, hapo umeshafika 350 kabla ya shelfu. Na chumba cha kulala hakijawahi kuona msongamano wa hivyo tangu kijengwe.

Kama michoro haipo, na najua nyumba nyingi haipo au ilibaki kwa fundi, chukulia chumba cha nyumba ya kuishi ni kilo 150 na usipandishe juu ya hapo kwa kukisia. Na hata hiyo 150 ni ya slabu iliyomwagwa vizuri.

Hatua ya 2: pima slabu na ujue imeshikwa wapi

Unene wa slabu unaupata kwenye uwazi wa ngazi au pale bomba la choo linapopita, unapima kutoka dari mpaka juu ya sakafu alafu unatoa tailizi, saruji na plasta. Nyumba nyingi za kwetu ni milimita 150, nyingine 125. Alafu shuka chini, uangalie dari ya chumba cha chini: bimu ziko wapi, kuta za tofali zilizoibeba slabu ziko wapi, nguzo ziko wapi. Chora kwenye karatasi. Huu mchoro wako wa mkono utautumia sana kwenye hatua ya 5, usiuruke.

Kitu kimoja uangalie kwa makini sana hapo chini ni kama kuna ukuta uliovunjwa. Watu wakigeuza sebule ya chini kuwa fremu wanavunja ukuta wa mbele au wa kati ili waweke shata pana, na kwenye nyumba isiyo na nguzo ukuta ule ndo uliokuwa umebeba slabu. Slabu iliyokuwa inavuka mita tatu na nusu sasa inavuka mita saba. Ukikuta hali hiyo hesabu yote niliyoandika hapa haitumiki, usipandishe kitu, tafuta injinia kwanza, na wanaolala juu wahame kile chumba mpaka aje.

Na wale wa Mji Mkongwe Zanzibar, Lamu na Mombasa ya zamani, zile sakafu za boriti za mikoko zilizojazwa mawe na chokaa ni habari nyingine kabisa. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali, karibu mita mbili na nusu hadi tatu, na uimara wake wote uko kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani. Ncha ndo zinaoza kwanza maana ukuta unanyonya maji na mchwa wanaingilia hapo hapo, na katikati boriti inaonekana nzima tu. Toboa ncha kwa bisibisi, ikiingia kama kwenye keki, pale juu pasiwekwe duka wala stoo.

Hatua ya 3: hesabu mzigo mfu

Hapa natumia chumba cha shemeji. Mita 4 kwa 3.5, ni mita za mraba 14. Slabu ni milimita 150. Zege lenye nondo ni kama kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila mita ya mraba ya slabu:

```
0.15 x 2400 = 360 kg
```

Ongeza sakafu ya mchanga na saruji ya milimita 40, hiyo ni kama kilo 85. Tailizi kama kilo 20. Plasta ya dari kama kilo 30. Jumla 495, tuseme 500. Yaani chumba kikiwa kitupu kabisa kila mita ya mraba inabeba kilo 500, na chumba kizima tani 7. Kile chumba tunachokiona kitupu kinabeba lori la mchanga, na juu yake kilipangiwa kuongezewa kilo 150 tu kwa mita, ambazo kwa chumba kizima ni:

```
14 x 150 = 2100 kg
```

Kilo 2,100 ndo bajeti yako yote. Watu wamo, shelfu zimo, kaunta imo, friji imo.

Sasa nieleze jambo linaloniumiza kila nikiona. Mtu anachukua chumba cha juu anataka kukigawa mara mbili, duka mbele stoo nyuma, anaita fundi anajenga ukuta wa tofali za inchi 6 katikati ya slabu ambapo chini hakuna bimu. Tofali nzima ya inchi 6 pamoja na plasta pande zote mbili ni kama kilo 370 kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Ukuta wa kimo cha mita 2.7 unatoka kama tani moja kwa kila mita ya urefu. Urefu mita 3.5, tani 3 na nusu. Bajeti ya chumba ilikuwa tani 2.1! Umeimaliza yote na kuzidisha, na bado hujaingiza hata boksi moja la biskuti, alafu huo ni mzigo mfu, hautoki usiku. Ukitaka kugawa tumia mbao, jipsamu au aluminiamu yenye kioo. Hata kuweka tailizi mpya juu ya sakafu nyingine ya saruji ya milimita 50 kunaongeza zaidi ya kilo 100 kwa kila mita ya mraba, hapo theluthi mbili ya bajeti imekwenda kwa urembo.

Hatua ya 4: pima bidhaa yako kwa mizani

Usikadirie kwa macho, macho yanadanganywa na ukubwa. Balo la mitumba linaonekana kubwa na la kutisha kumbe mara nyingi ni kilo 45. Boksi dogo la karatasi za A4 zenye rimu tano ni kilo 12 na nusu, mtoto wa shule analibeba, na ndo maana stationeri ni moja ya maduka mazito kuliko yote. Boksi lile linakaa kwenye eneo la sentimita 30 kwa 22 hivi. Panga matano kwenda juu, kimo hakifiki hata mita moja na nusu, na pale chini umeweka kama kilo 950 kwa mita ya mraba. Zaidi ya mara sita ya chumba cha kulala.

Njia rahisi ya kukumbuka: kinachoamua ni uzito wa kitu kwa ujazo, mara kimo ulichopanga. Mchele ni kama kilo 800 kwa mita ya ujazo, ukipanga mpaka mita 1.8 ni kilo 1,440 kwa kila mita ya mraba. Maji ni kilo 1,000, kwa hiyo tangi la lita 1,000 likiwekwa ndani ya chumba ni tani moja imekaa kwenye kama mita moja ya mraba. Saruji, tailizi, misumari, betri, rangi za ndoo, vitabu, soda za chupa, mafuta ya kula, vyote hivi vikae chini, kwenye jamvi la ardhini. Juu peleka nguo, viatu, mabegi, vipodozi, vifaa vya simu, wigi, maua ya plastiki, magodoro. Nguo za kutundika hazijawahi kunitia wasiwasi, za kukunja na kupanga mpaka darini zinanitia kidogo, na vitenge vilivyofungwa kwa majora nakwambia weka kwenye mizani kwanza ndo tuongee.

Hatua ya 5: chora viboksi vya chaki

Hii ndo hatua yenyewe, nyingine zote zilikuwa za kuifikia hii. Chukua chaki, gawa sakafu yote kwa viboksi vya mita moja kwa mita moja. Kila kiboksi kina kilo 150 zake. Kiboksi hakimwazimi mwenzake, usiseme pale njiani hakuna kitu kwa hiyo hapa naweza kuweka mara mbili.

Turudi kwa shemeji. Mpango wake ulikuwa magunia 100, tani 5, marundo kumi ya magunia kumi kumi, yote katikati ya chumba ili yasiguse ukuta yakashika unyevu. Kwa mfanyabiashara wa nafaka huo ni mpango mzuri kabisa, kwa slabu ni mbaya kuliko wote. Gunia limelala linachukua kama mita za mraba 0.4, marundo kumi ni mita za mraba 4, kwa hiyo chini ya marundo pana kilo 1,250 kwa kila mita ya mraba.

Na katikati ndo mahali slabu inapinda kirahisi. Fikiria ubao umeuweka juu ya matofali mawili, ukisimama katikati unapinda, ukisimama jirani na tofali haupindi sana ingawa uzito wako ni ule ule. Slabu iliyoegemea kuta mbili, mzigo ukiwa kwenye mstari wa katikati unaipinda mara mbili ya mzigo ule ule uliosambazwa sakafu nzima. Kwa rundo la shemeji la mita 2 kwa 2 pale katikati nimepata tani zake 5 zinaipinda slabu kama tani 7 zilizosambazwa. Bajeti ni 2.1. Zaidi ya mara tatu.

Akaniambia kitu ambacho kila mtu huniambia: mbona jirani kaweka na mwaka wa tatu huu haijaanguka? Ni swali la haki na lina jibu. Injinia akichora haweki 500 na 150 vile vile, anazidisha, kwa kiwango cha zamani cha Uingereza ni hivi:

```
(500 x 1.4) + (150 x 1.6) = 940 kg/m2
```

Kwa hiyo slabu iliyojengwa sawasawa ina nafasi kati ya 650 ya kawaida na 940. Jirani akiweka tani 5 zimesambaa sakafu nzima anakuwa kwenye kama 857, haijafika 940, haianguki leo. Lakini ile nafasi haikuwekwa kwa ajili ya mchele. Iliwekwa kwa sababu fundi anaweza kuzidisha maji kwenye zege ili limwagike kirahisi, kwa sababu nondo zinaweza kukanyagwa zikashuka, kwa sababu kokoto zinaweza kuwa na vumbi, kwa sababu siku ya msiba watu 60 wanaweza kujaa juu. Jirani ameshaitumia sehemu yake kubwa na hajui kama slabu yake ilijengwa vizuri au vibaya. Ile ya shemeji ya marundo katikati ingefika kama 1,000, imevuka hata hiyo 940 kwenye karatasi, kabla hatujaongelea ubora wa fundi.

Na kuna jambo la muda. Zege likibebeshwa mzigo mzito wa kudumu linaendelea kushuka polepole kwa miaka, mshuko unaweza kufika mara mbili hadi tatu ya ule wa siku ya kwanza. Kitanda mtu analala anaamka, gunia la stoo halisimami. Kwa hiyo miaka mitatu bila kuanguka haithibitishi kwamba mwaka wa nne ni salama.

Tulichopanga mwisho ni hivi. Kwenye 2,100 nikatoa kilo 300 za watu wanne, 150 za chaga za mbao na shelfu, na 150 nikaziacha za dharura. Ikabaki 1,500, magunia 30. Chumba kina viboksi 14 ukihesabu nusu mbili kama kimoja, tukaacha vinne vya kupita, vikabaki kumi, kila kimoja magunia matatu, kilo 150 kamili. Magunia matatu tu yamelala, kimo hakifiki hata magoti! Alinuna kidogo, lakini ndo ukweli wa chumba cha kulala.

Kama kiboksi kinaruhusu kuchagua, mzigo mzito uweke jirani na kuta au bimu zinazobeba slabu, ndo maana nilikwambia uchore. Jirani na ukuta ambao haubebi slabu hakukusaidii, pale slabu inavuka sambamba na ukuta na inapinda vile vile. Na shelfu za chuma zenye miguu myembamba ziwekee ubao mpana chini, mguu mmoja ukibeba kilo 200 kwenye eneo la sarafu unatoboa tailizi na unaisumbua slabu pale pale.

Balkoni na ngazi

Siku mzigo unapofika ndo hatari yenyewe, maana vijana wanaupandisha haraka wanaurundika kwenye balkoni au kwenye kituo cha ngazi wakisubiri mwenye ufunguo. Balkoni inayoning'inia haina kitu chini ya ncha yake, inashikiliwa na nondo za juu tu, na nondo za juu ndo zile ambazo siku ya kumwaga zege watu walizikanyaga na mabero zikashuka chini. Nondo ya balkoni ikishuka sentimita 5 imebaki kama pambo. Na balkoni haipindi taratibu ikakuonya kama slabu ya ndani, inakatika kwenye mzizi kwa ghafla. Kwa hiyo usirundike kitu pale hata kwa nusu saa. Mzigo upande kidogo kidogo, gunia likifika linaingia kwenye kiboksi chake.

Hatua ya 6: jinsi ya kujua sakafu imelemewa

Slabu nyingi zinasema kabla ya kuanguka, shida ni kwamba zinasemea chini, kwenye dari ya mwenzako, na we mwenye mzigo uko juu. Kwa hiyo ingia chumba cha chini na tochi.

Vuta uzi ukazike vizuri kutoka ukuta hadi ukuta, ncha zote mbili ziwe chini ya dari kwa kipimo kile kile, tuseme sentimita 5, alafu upime katikati ile nafasi imepungua kiasi gani, huo ndo mshuko. Kikomo kinachotumika sana ni urefu gawanya kwa 250, kwa mita 3.5 ni milimita 14. Dari zingine zilitoka hazijanyooka toka kufungua mbao, kwa hiyo pima siku ya kwanza kabla ya mzigo uandike, alafu pima kila mwezi, kinachotisha ni namba kuongezeka. Dalili nyingine ni mlango wa chini ulioanza kukwama juu, tailizi za juu zinazoinuka au kulia utupu, na maji ya kudeki yanayokusanyika katikati wakati zamani yalikuwa yanakwenda mlangoni.

Nyufa zina lugha yake. Nywele nyembamba kwenye plasta ziko kila nyumba. Ufa wa chini ya slabu katikati unaokwenda sambamba na kuta zinazoibeba ni wa kupinda. Ufa wa juu sakafuni unaofuata mstari wa bimu nao ni wa kupinda. Zege lenye nondo linakubaliwa nyufa za mpaka kama milimita 0.3, na kadi ya benki ina unene wa kama milimita 0.8, kwa hiyo kadi ikiingia kwenye ufa umevuka mbali. Weka alama ya penseli kwenye ncha ya ufa na tarehe, ufa ukipita alama ujue unatembea.

Ila nyufa mbili hizi usisubiri penseli. Ule unaokwenda mshazari kwenye bimu jirani na nguzo, na ule unaozunguka kichwa cha nguzo kwenye slabu isiyo na bimu. Hizi ni za kukatika, na kukatika hakuna taratibu. Duka kubwa la Sampoong pale Seoul lilianguka hivyo tarehe 29 Juni 1995, watu 502 wakafa. Slabu zake hazikuwa na bimu, zimekaa moja kwa moja juu ya nguzo, jengo likabadilishwa matumizi likawa duka, ikaongezwa ghorofa ya tano yenye migahawa na sakafu nzito za kupasha joto, mashine za viyoyozi zikawekwa juu ya paa na kuburutwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nyufa zilionekana kwenye ghorofa ya juu, asubuhi ile ile viongozi waliziona, wakafunga ghorofa ya juu wakaacha watu wanunue chini. Nguzo zilitoboa slabu na jengo likashuka jioni.

Ukikuta dalili ufanyeje

Toa watu wa chini kwanza, kabla ya kugusa mzigo. Alafu punguza mzigo kuanzia katikati ya chumba, watu wachache, bila kuangusha magunia maana gunia linaloanguka linagonga kwa nguvu kuliko uzito wake. Usiusogeze mzigo kwenda chumba cha jirani juu kule kule, uteremshe kabisa. Ukisikia zege linalia au vumbi linadondoka darini acha mali, toka.

Mirunda au jeki za chuma zinasaidia zikiwekwa na mtu anayejua, zenye ubao mpana juu na chini, zikisimama kwenye ardhi ngumu. Zisigongwe kwa nyundo mpaka zinyanyue slabu, maana katikati ya slabu nondo ziko chini na ukiisukuma kwenda juu unaipasua upande usio na nondo. Zikaze mpaka ziguse tu.

Na usimwite fundi apake plasta kwenye ufa. Ufa uliopakwa unaendelea kule kule ndani ila sasa umejifunga macho.

Kama unahitaji zaidi ya kilo 150

Hapo ni injinia wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa Kenya wana bodi yao, na halmashauri nayo lazima iidhinishe kubadili matumizi kutoka makazi kuwa biashara. Atakuja na nyundo ya kupima ugumu wa zege na kifaa cha kusoma nondo bila kuvunja, ajue ziko ngapi, unene gani, zimeachana kiasi gani. Mwulize maswali matatu na uyapate kwa maandishi: kilo ngapi kwa mita ya mraba, nguzo na msingi wa chini vinaruhusu hiyo namba au ni slabu tu, na balkoni je. Hili la nguzo na msingi watu wanalisahau, maana mzigo wa juu haubaki juu, unashuka mpaka ardhini. Kuongeza bimu ya chuma katikati ya chumba cha chini inaweza kupunguza kwa nusu urefu ambao slabu inavuka, lakini miguu ya hiyo bimu nayo inataka msingi wake, na nondo za juu za slabu pale bimu mpya itakapogusa nazo zinataka kuangaliwa.

Akikupa namba iandike ukutani mlangoni kwa rangi, herufi kubwa, kwa lugha ya wabebaji: MAGUNIA 3 KILA KIBOKSI. Ukiandika kN/m2 hakuna atakayesoma. Shemeji viboksi vyake amevirudia kwa rangi nyeupe maana chaki ilifutika wiki ya kwanza, magunia 30 yako juu, 70 amekodi nafasi kwenye godauni la mwenzake chini, na tarehe ya kwanza ya kila mwezi binti yake anavuta uzi darini ananitumia namba. Mwezi wa kwanza milimita 4, wa pili 4.